UZI: Nimeandika "ng'aa" mara 5 katika ubeti mmoja wa mbalamwezi ziwani. Naombeni msaada

BintiWaBismarck #1

Habari za jioni wakuu. Naomba niwasilishe jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Ninaandika shairi la kueleza mbalamwezi juu ya maji. Mahali ni pale mjini Mwanza, ukingoni karibu na Jiwe la Bismarck, uso umeelekea ng'ambo ya Kamanga. Mwanzo nililiandika kwa Kiingereza, kwa sababu huko nilikuwa na maneno matano ya kuchezea: "glow", "gleam", "glimmer", "shimmer" na "glint". Kila mstari ulipata lake. Nilipoanza kulileta kwa Kiswahili, yote matano yakaangukia kwenye neno moja. Tazameni:

*Mwezi watoka ziwani, wang'aa juu ya mji,*
*Jiwe lang'aa mwaloni, limelowana na maji,*
*Taa zang'aa kinani, za wavuvi wa vijiji,*
*Wimbi lang'aa machoni, ziwa zima linang'aa.*

Mizani nane kwa nane zimekaa, vina vipo, kibwagizo kipo. Lakini nikilisoma kwa sauti nasikia kama mtu anayegonga msumari mmoja. Je, Kiswahili hakina maneno haya, au ni mimi siyajui?

---

TichaWaKimombo #2

Dada, maneno yapo. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari na hili swali wanafunzi huniuliza kila mwaka tukifika kwenye insha za wasifu. Nawaambia wayapange kwa ukali wa mwanga, kama ngazi. Chini kabisa ni "glimmer", mwanga dhaifu. Juu yake "glow", kisha "shimmer", kisha "gleam", na juu kabisa "glint" kwa sababu huo unachoma macho. Ukishakuwa na ngazi hiyo, kwa Kiswahili unaongeza tu vielezi: ng'aa kidogo, ng'aa kiasi, ng'aa sana, ng'aa mno.

---

ShangaziDagaa #3

Mwanangu shairi lako zuri, ila mimi mbalamwezi siipendi. Nauza dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba. Mwezi ukishakuwa mpevu mzigo unakuwa mchache, bei inapanda, wateja wangu wa mbali wananipigia simu wakidhani nimewaficha. Siku hizo ziwa linang'aa kweli lakini kapu halina kitu.

---

KijanaWaNyegezi #4

Binti, kama shida ni picha haitoki vizuri usiku, simu yako iweke juu ya jiwe isitikisike, zima flashi, weka kipima muda cha sekunde 3. Mimi nilipata picha safi sana ya mwezi pale Nyegezi. Flashi inaharibu kila kitu.

---

BintiWaBismarck #5

@KijanaWaNyegezi asante kaka, ila natafuta maneno, siyo picha.

@TichaWaKimombo asante mwalimu. Nimejaribu njia yako: "wimbi lang'aa mno". Bado ni msumari uleule, nimeongeza nguvu ya nyundo tu. Na nikikumbuka nilichokiona pale ukingoni, tofauti haikuwa ya kuzidiana ukali. Jiwe lilikuwa limetulia na maji yalikuwa yanahangaika, hiyo ndiyo tofauti niliyoiona.

---

TungoNaMizani #6

Binti, hapo mwisho umejijibu mwenyewe. Natunga na kutafsiri muda mrefu sasa, na naomba nimpinge mwalimu kwa heshima: hayo matano si ngazi ya ukali. Mng'ao wa jiwe unaweza kuwa mkali au mpole na ukabaki "gleam". Kinachoyatenganisha ni mwanga unafanya nini.

"Glow" ni mwanga uliotulia ambao huoni makali yake wala ukingo wake. Fikiria makaa yaliyoiva jikoni, au anga nyuma ya kilima kabla mwezi haujachomoza. "Gleam" nao umetulia, lakini unatoka kwenye kitu laini kinachorudisha mwanga: jiwe lililolowa, sufuria iliyosuguliwa, ngozi iliyopakwa mafuta. "Glint" ni ncha ndogo ya mwanga inayotokea mara moja na kupotea. "Shimmer" ni uso mzima unaotetemeka kwa mwanga. "Glimmer" ni mwanga dhaifu ambao unakuja na kukatika, kama taa ya mbali.

Sasa sikiliza maneno yenyewe. Manne kati ya hayo yanaanza kwa sauti ileile, na Kiingereza kina mengine kadhaa ya mwanga yanayoanza hivyo hivyo. Halafu mawili, "glimmer" na "shimmer", yana mkia mmoja mwishoni, na katika Kiingereza mkia huo hutumika kuonyesha tendo linalojirudiarudia. Ndiyo maana hayo mawili yanatikisika na mengine yametulia.

Kiswahili tunalifanya jambo hilohilo kwa kukariri shina. Tunasema piga na pigapiga, ruka na rukaruka. Kwenye mwanga tuna meta na metameta. Kumeta ni kutoa mwanga mara moja, na kumetameta ni kufanya hivyo mfululizo, huku na huku. Yule mdudu wa usiku tunamwita kimetameta kwa sababu anawaka na kuzima bila kuchoka. Kwa hiyo "glint" na "shimmer" kwa Kiswahili ni ndugu wa damu, wakati kwa Kiingereza hawafanani hata sura. Hapo sisi tuna utajiri ambao wao hawana, na ningekuwa wewe ningeujengea ubeti mzima.

"Ng'aa" usiitupe. Ibakize kwa jiwe tu. Jiwe lililolowana linang'aa, na hakuna neno jingine linalolifaa zaidi.

---

TichaWaKimombo #7

Nimekubali kuhusu ngazi, mkuu. Nimejaribu mifano ya darasani kwangu na kweli "gleam" inaweza kuwa hafifu. Ila nina pingamizi moja. Mtu gani hapa Mwanza anasema "meta"? Wanafunzi wangu hawalijui. Wanasema "kumeremeta". Kwa nini asiandike "ziwa lameremeta"? Kila mtu ataelewa papo hapo.

---

TungoNaMizani #8

Wataelewa, lakini wataona nini? Neno hilo tunalisikia zaidi kwenye harusi. Maharusi wameremeta, gauni lameremeta, ukumbi umemeremeta kwa mapambo. Limebeba pambo na shangwe, kitu kilichovalishwa ili kitazamwe. Kama binti anataka ziwa lionekane kama bibi harusi, basi alitumie kwa makusudi na kulipeleka hadi mwisho. Kama anataka maji tu, lile neno litaingiza vigelegele mahali ambapo hakuna mtu.

Ni kweli "meta" peke yake ni nadra midomoni. Lakini katika shairi likisimama upande wa kwanza wa mstari na "metameta" ikafuata upande wa pili, msomaji asiyelijua atalifahamu kwa kumsikia ndugu yake.

Tahadhari moja kwa yeyote atakayetaka kutengeneza nomino: usiandike "kimeta" ukimaanisha ncha ya mwanga. Kimeta ni ule ugonjwa wa mifugo, na mfugaji yeyote wa Usukumani atashtuka. Sema mmeto.

---

MvuviMstaafu #9

Salaam kwenu. Nimevua dagaa tangu kijana, nikianzia Ukerewe, na nimesoma uzi huu wote kwa makini. Maneno siyawezi kama huyo ndugu hapo juu, lakini maji nayajua. Binti, ubeti wako una mambo mawili ambayo hayapo duniani.

La kwanza, mwezi hautoki ziwani ukiwa pale Jiwe la Bismarck. Umesema uso umeelekea Kamanga. Kamanga iko magharibi. Mwezi unachomoza mashariki, yaani nyuma yako, juu ya vilima vya mji. Mwezi mpevu unachomoza wakati jua linazama. Jioni hiyo utaona mji umepata mwanga na mgongo wako umepata mwanga, lakini ile njia nyeupe juu ya maji hutaiona. Njia ile daima inatoka chini ya mwezi na kuja kwenye miguu yako, kwa hiyo mwezi lazima uwe upande wa maji. Ukitaka kuuona ukitoka ziwani, panda kivuko uende Kamanga ukageuke utazame mjini. Ukibaki Bismarck, amka alfajiri. Mwezi mpevu unazama magharibi jua likikaribia kutoka, na hapo njia inakuja moja kwa moja hadi kwenye jiwe lako.

La pili ni taa. Mwezi ukiwa mpevu sisi wa dagaa tuko nyumbani. Taa inavuta dagaa kwa sababu pembeni kuna giza. Mbalamwezi ikimwagika ziwa zima, taa yako haina maana, dagaa wanatawanyika na unarudi na mafuta yameisha bure. Huyo shangazi wa Mwaloni amesema jambo hilohilo kwa upande wa kapu lake. Siku hizo tunashona nyavu. Kwa hiyo mwezi wako na taa zako haziwezi kukaa ubeti mmoja.

---

BintiWaBismarck #10

Shikamoo mzee. Nimekaa kimya nusu saa baada ya kusoma.

Ni kweli. Nilikuwa nimekaa pale jioni moja, taa nikaziona usiku mwingine kabisa, na ile njia ya mwezi niliiona nikiwa ndani ya kivuko tukirudi kutoka msibani Sengerema. Nikavishona vitatu pamoja bila kujua. Naomba nikuulize: ile njia inakaaje hasa? Mimi naikumbuka kama kitambaa kimoja cheupe.

---

MvuviMstaafu #11

Marahaba mwanangu.

Si kitambaa kimoja. Kila kiwimbi ni kipande cha kioo kilichoinama upande wake. Kikiinama kwa namna inayofaa, unauona mwezi ndani yake kwa kupepesa jicho, kisha kinageuka na mwezi unapotea. Ukitazama chini karibu na mtumbwi utaviona kimoja kimoja: hiki, kile, hiki. Ukiinua macho kidogo mbele, vinakuwa vingi mpaka huwezi kuvihesabu, maji yote yanatetemeka. Ukitazama mbali kule mwezi ulipo, vimeshikana, unaona mkanda mmoja uliotulia. Wewe ulitazama mbali tu.

Na inategemea mwezi uko wapi. Ukiwa chini karibu na maji, njia ni ndefu na nyembamba. Huku kwetu usiku wa manane mwezi mpevu unapita karibu na utosini, na hapo hakuna njia tena, kuna duara linalochezacheza chini ya mtumbwi wako. Ukishika kasia ndani yake unaona linavunjika.

Upepo nao. Ziwa likiwa shwari kabisa, jambo ambalo ni nadra, utaona mwezi mzima ndani ya maji kama sahani. Hapo hakuna kumetameta. Upepo ukianza kugusa, sahani inarefuka, inapasuka, na ndipo njia inazaliwa. Upepo ukizidi, njia inapanuka na kufifia mpaka inakuwa kama vumbi la mwanga. Penye magugu maji utaona doa jeusi katikati ya njia, maana majani yale hayarudishi kitu.

---

TungoNaMizani #12

Mzee, umetupa kamusi yote kwa kutazama maji tu. Binti, umeona alichofanya? Miguuni pako maji yanameta, mbele kidogo yanametameta, na mbali kabisa yanang'aa. Ni mwanga mmoja, mwezi mmoja, usiku mmoja, na maneno matatu tofauti kwa sababu ya umbali wa jicho. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua neno "zuri". Chagua umesimama wapi na unatazama wapi, neno litakuja lenyewe.

Tuurekebishe ubeti wako bila kuuvunja. Mstari wa kwanza, badili kitenzi kimoja tu: *watoka* uwe *wazama*. Mizani haiguswi, na sasa ni alfajiri, mwezi uko magharibi, mzee ameridhika. Mstari wa pili uache ulivyo. Wa tatu ondoa taa, lakini usiuondoe ukweli wake: waseme wavuvi wako wapi. Wa nne ni wa meta na metameta.

Hesabu pia kabla hujapenda neno. *Ziwa lametameta* ni mizani saba, itapwaya. *Ziwa linametameta* ni nane. Mtu akisoma anakaribia kuusikia ule mtetemo katika *meta-meta*, kwa sababu ulimi unarudi palepale mara mbili.

---

BintiWaBismarck #13

Nimeamka saa 10 usiku kuandika. Huu hapa:

*Mwezi wazama ziwani, nuru yazagaa mji,*
*Jiwe lang'aa mwaloni, limelowana na maji,*
*Wavuvi wako bandani, taa hawazihitaji,*
*Wimbi lameta machoni, ziwa linametameta.*

Kwa ule mwanga mpole usio na ukingo nimechagua "zagaa". Nilikuwa na "angaza" lakini naona kuangaza ni kufanya kazi, kama tochi, mtu anaangaza ili aone kitu. Nuru iliyozagaa imeenea tu.

---

TichaWaKimombo #14

Dada, mstari wa tatu umenigusa sana. Ila wa kwanza una kasoro ya sarufi. Nuru huzagaa *mjini*, haizagai *mji*. Umekata "-ni" ili upate kina cha "-ji". Msahihishaji makini ataweka alama nyekundu hapo.

---

TungoNaMizani #15

Washairi wamefupisha maneno tangu zamani kwa ajili ya mizani na vina, na hilo linakubalika. Lakini mwalimu ana hoja, kwa sababu ufupisho mzuri humwacha msomaji bila mashaka, na hapa mtu anaweza kujikwaa. Mbadala ni *umeuangaza mji*, mizani nane kamili na sarufi safi, ila unarudi kwenye tochi aliyoikataa. Mimi ningebaki na "zagaa" na kukubali ile alama nyekundu. Mwingine angechagua vinginevyo, na sitamlaumu.

---

TichaWaKimombo #16

Mimi ndiye huyo mwingine. Sarufi kwanza. Tukubaliane kutokubaliana hapo.

Lakini nina swali ambalo limeachwa. Yalikuwa maneno matano. "Glow" tumelipa zagaa, "gleam" ng'aa, "glint" meta, "shimmer" metameta. "Glimmer" liko wapi?

---

BintiWaBismarck #17

Mwalimu, nalo lilikuwa la taa. Taa zilipoondoka likaondoka nalo. Mwezi mpevu ukiwa wazi hauna udhaifu wala hauji na kukatika, kwa hiyo kwenye ubeti huu naona halina mahali. Nilitaka kulilazimisha kwa sababu nilikuwa nalo kwa Kiingereza, lakini hata kule lilikuwa limewekwa kwenye usiku wa uongo.

---

ShangaziDagaa #18

Usiziondoe taa kabisa mwanangu. Zile taa ndizo zimesomesha watoto wangu. Usiku wa giza ukisimama mwaloni ukatazama ziwani, unaona kama kuna mji mwingine kule.

---

MvuviMstaafu #19

Shangazi amesema kweli, na kuna usiku ambao taa na mwezi vinapishana. Mwezi huchelewa kuchomoza karibu dakika 50 kila siku. Siku ya tatu baada ya kuwa mpevu unatoka karibu saa 3 usiku. Kabla ya hapo kuna giza la kutosha, na wenye haraka ya pesa wanatoka na taa zao jua likizama. Wanapata masaa mawili hivi. Kisha mwezi unatoka nyuma ya vilima vya Mwanza na taa zinaanza kurudi nchi kavu moja moja. Kama unataka vyote viwili, huo ndio usiku wako. Beti mbili, giza kwanza.

---

TungoNaMizani #20

Na hapo "glimmer" linapata makao. Kwa taa ya mbali ningetumia pepesa. Tunalijua kwenye macho, mtu anapepesa jicho. Taa ya mbali nayo inafumba na kufumbua. Sijawahi kuridhika na "mwanga hafifu", kwa sababu unasema udhaifu tu na kuacha ule mwendo wa kuja na kukatika.

---

KijanaWaNyegezi #21

Samahani mkuu, mimi naona pepesa ni la macho tu. Taa "inawakawaka" au "inazimazima". Mtaani kwetu taa ikizimazima tunasema umeme mdogo.

---

TungoNaMizani #22

Kijana, "zimazima" ni taa mbovu, na hayo umeyasema mwenyewe. Taa za dagaa si mbovu. Lakini nakubali kwamba kuitumia pepesa kwa taa ni kuliazima neno kutoka usoni pa mtu. Shairi linaruhusu kuazima, mradi msomaji aone jicho na taa kwa pamoja.

---

BintiWaBismarck #23

Nimejaribu ubeti wa giza. Nina mistari miwili tu mpaka sasa:

*Mwezi haujatugusa, giza limetanda mbali,*
*Karabai zapepesa, kama nyota za asali,*

Mzee, hapo nimekosea kitu?

---

MvuviMstaafu #24

Mwanangu, karabai ndizo tulizovulia sisi, na mwanga wake kweli ulikuwa na rangi ya asali, na ulikuwa unapanda na kushuka mpaka uipige pampu tena. Siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Hizo ni nyeupe, hazina asali, na zenyewe hazipepesi. Ila mtumbwi ukiyumba, wimbi linaificha taa kisha linaifunua, kwa hiyo ukiwa nchi kavu bado utaona inafumba na kufumbua. Basi chagua. Ukisema karabai, ni usiku wa zamani, na asali ibaki. Ukisema taa za leo, andika weupe, na kupepesa kuwe kwa mawimbi.

---

BintiWaBismarck #25

Asante sana mzee. Zitabaki karabai. Baba alivulia karabai, na mimi nilikuwa nazihesabu kutoka mlangoni nikijaribu kujua ipi ni yake.

Mwezi ukifika siku ya tatu baada ya kuwa mpevu nitakaa ukingoni kuanzia jua likizama hadi saa 4, na daftari. Mstari wa tatu nitauandika nikiziona zikirudi.